Kupima uzuiaji kwa mwenye lugha mbili: jaribio la ishara, la awamu, la lugha tatu au la hiari?

Anayetaka kujua kama mtu huikandamiza lugha moja ili azungumze nyingine ana majaribio manne yaliyozoeleka ya kuchagua. Yote humwonyesha mshiriki picha au tarakimu, humtaka aitaje, na hupima muda kwa milisekunde. Kwa mbali yanafanana sana, na hapo ndipo watu wengi huteleza: huchagua lililo rahisi kuandaa, wakapata tofauti nzuri ya takwimu, kisha wakaipa jina la uzuiaji ilhali jaribio lenyewe halikuweza kuutofautisha na kitu kingine. Ulinganisho huu unayapanga majaribio hayo kwa kigezo kimoja: kila moja linaziba mlango upi wa maelezo mbadala, na linauacha upi wazi.

Kinachodhaniwa kuzuiwa

Msingi wa hoja ni kwamba lugha zote mbili huamka pamoja, hata pale mazungumzo yanapohitaji moja tu. Mwaka 1999 Spivey na Marian waliwapa wazungumzaji wa Kirusi na Kiingereza maagizo ya Kirusi ya kusogeza stempu, "marku", huku wakifuatilia macho yao. Macho yalivutwa pia na kalamu ya wino mzito iliyokuwa mezani, kwa sababu jina lake la Kiingereza linaanza kwa sauti zilezile. Hakuna aliyekuwa amesema neno la Kiingereza. Kwenye kuzungumza, Costa, Caramazza na Sebastián-Gallés walionyesha mwaka 2000 kwamba wenye Kikatalani na Kihispania hutaja haraka zaidi picha ambazo majina yake yanakaribiana kwa sauti katika lugha hizo mbili. Wenye lugha moja hawakupata faida hiyo.

Kuamka pamoja, hata hivyo, si ushahidi wa kuzuiana. Mwaka 1998 David Green alipendekeza kwamba maneno ya lugha isiyohitajika hukandamizwa, na kadiri lugha ilivyo na nguvu ndivyo inavyokandamizwa zaidi. Upande wa pili kuna hoja kwamba ubongo unaweza kuacha maneno yote yaamke na bado ukapiga kura kwa yale ya lugha inayohitajika tu, bila kulikandamiza neno lolote. Ndiyo maana jaribio linalothibitisha kwamba lugha mbili huamka pamoja haliwezi kutumika kama jaribio la uzuiaji. Uzuiaji unatafutwa kwenye makovu yake: kama lugha ilikandamizwa muda mfupi uliopita, kuirudia kunapaswa kuchelewa.

Jaribio la ishara: rahisi kuandaa, gumu kulisoma

Katika jaribio hili rangi au umbo hutangulia picha na kuamuru lugha. Zamu ambayo lugha ni ileile ya zamu iliyopita huitwa ya kurudia. Ikigeuka, ni ya kubadili. Tofauti ya muda kati ya hizo mbili ndiyo gharama ya kubadili. Mwaka 1999 Meuter na Allport walitumia tarakimu zilizowekwa juu ya rangi na wakapata jambo lililoshangaza wengi: kuingia katika lugha ya kwanza, ile yenye nguvu, kulikuwa na gharama kubwa kuliko kuingia katika ya pili. Maelezo ya Green yaliingia hapo kama ufunguo kwenye kufuli: lugha ya kwanza hukandamizwa kwa nguvu mtu anapotumia ya pili, kwa hiyo kuifungua kunachukua muda.

Tatizo ni kwamba ufunguo mwingine unaingia vilevile. Ili kuzungumza lugha dhaifu, huenda mtu anaiongezea nguvu nyingi badala ya kuikandamiza ile nyingine. Mabaki ya nguvu hiyo yakivuka hadi zamu inayofuata, lugha ya kwanza itachelewa, ingawa haikuguswa. Maelezo yote mawili yanatabiri gharama isiyo sawa, na kwa namna hiyohiyo.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jinsi ya kuipekua tofauti hiyo. Namba ni milisekunde za kubuni, kwa ajili ya mazoezi tu:

| Hali | Lugha ya kwanza | Lugha ya pili |
|---|---|---|
| Awamu ya lugha moja peke yake | 690 | 780 |
| Mchanganyiko, kurudia | 770 | 800 |
| Mchanganyiko, kubadili | 870 | 850 |

Gharama ya kubadili ni 100 kwa lugha ya kwanza na 50 kwa ya pili. Wengi wangesimama hapo na kuandika ripoti. Lakini ondoa awamu ya lugha moja kutoka kwenye zamu za kurudia: lugha ya kwanza imechelewa kwa 80 na ya pili kwa 20, kabla hata ya kubadili chochote. Hiyo ni gharama ya kuchanganya. Faida ya 90 ambayo lugha ya kwanza ilikuwa nayo ikiwa peke yake imebaki 30 kwenye zamu za kurudia, na kwenye zamu za kubadili imegeuka kuwa hasara ya 20. Kinachoonekana ni breki inayokanyagwa muda wote wa mchanganyiko, na mtu aliyeangalia gharama ya kubadili peke yake asingeiona. Asiyeweka awamu ya lugha moja mwanzoni hawezi kuihesabu kabisa, na haiwezi kurudishwa baada ya washiriki kwenda zao.

Sasa rudia jaribio hilohilo lakini ongeza muda kati ya ishara na picha. Tuseme zamu za kurudia lugha ya pili zinashuka hadi 740, za kubadili kuingia lugha ya pili hadi 780, za kubadili kuingia ya kwanza hadi 805, na za kurudia lugha ya kwanza zinabaki karibu palepale, 765. Gharama sasa ni 40 kila upande, na kutokuwa sawa kumekwisha. Aina tatu za zamu zilinufaika na maandalizi. Moja, kurudia lugha ya kwanza, haikunufaika kwa sababu tayari ilikuwa karibu na kikomo chake. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ya awali ilitokana na wepesi wa kipekee wa kurudia lugha ya kwanza, wala si kovu kwenye kubadili. Verhoef, Roelofs na Chwilla walipata sura ya namna hii mwaka 2009 walipolinganisha muda mfupi na mrefu wa maandalizi kwa wenye Kiholanzi na Kiingereza.

Si hilo tu lililotikisa hoja. Costa na Santesteban, mwaka 2004, walikuta gharama sawa pande zote kwa watu waliomudu vizuri Kihispania na Kikatalani, na usawa huo ukabaki hata walipobadili kwenda lugha ya tatu iliyokuwa dhaifu. Finkbeiner na wenzake, mwaka 2006, walichanganya tarakimu zinazotajwa kwa lugha zote mbili na vitu vinavyotajwa kwa lugha ya kwanza tu. Tarakimu zilileta gharama isiyo sawa. Vile vitu vingine havikuleta gharama, japo navyo vilitajwa kwa lugha ya kwanza mara baada ya ya pili. Kama lugha nzima ilikuwa imekandamizwa, vilipaswa kuchelewa. Mwaka 2021 Gade na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi, na hawakupata ushahidi thabiti kwamba gharama isiyo sawa hujirudia.

Kwa hiyo jaribio la ishara linafaa kama swali lako ni la udhibiti kwa jumla: maandalizi husaidia kiasi gani, mchanganyiko hugharimu kiasi gani, umri au umahiri hubadilisha nini. Kama swali ni "je, kuna uzuiaji?", usilitegemee likiwa peke yake.

Ukilichagua, tumia ishara mbili kwa kila lugha. Ishara ikiwa moja, kila unapobadili lugha unabadili pia rangi, na sehemu ya gharama unayopima ni ya jicho kusoma rangi mpya. Ukiwa na ishara mbili, kwa mfano bluu na kijani kwa lugha moja, nyekundu na njano kwa nyingine, unaweza kupanga kila zamu ije na ishara tofauti na iliyotangulia. Hapo kurudia na kubadili vinatofautiana kwa lugha tu. Tarajia gharama ipungue.

Jaribio la awamu: L1, L2, kisha L1 tena

Hapa hakuna ishara wala kubadili kila dakika. Mshiriki anataja picha kwa lugha ya kwanza, yaani L1, awamu nzima, kisha kwa ya pili, yaani L2, kisha anarudi kwenye ya kwanza. Kama awamu ya tatu ina uchelewevu usioelezeka kwa uchovu, kuna kitu cha awamu ya pili kilichobaki.

Uzuri wake uko kwenye picha zinazorudiwa. Kwa kawaida kukutana na picha mara ya pili huharakisha kuitaja, kwa sababu kuitambua na kufikia maana yake kumeshafanyiwa mazoezi. Kwa hiyo kama picha iliyotajwa kwa lugha ya pili inachelewa kutajwa kwa lugha ya kwanza baadaye, uchelewevu umeishinda faida ya mazoezi, na maelezo ya kawaida ya kuzoea yanaondoka mezani. Misra, Guo, Bobb na Kroll walitumia mpangilio wa awamu mwaka 2012 kwa wenye Kichina na Kiingereza, wakipima pia mawimbi ya umeme ya ubongo. Lugha ya pili ilinufaika kwa kufuata ya kwanza. Lugha ya kwanza iliathirika kwa kufuata ya pili. Mtu mwenye umahiri usiolingana hakutarajiwa kuumia kwenye lugha anayoimudu zaidi.

Weka picha za aina mbili katika awamu ya mwisho: nusu zilizotajwa katika awamu ya lugha ya pili, nusu mpya kabisa. Zikichelewa zilizotajwa tu, kilichoguswa ni maneno mahususi, na hapo mtetezi wa mabaki ya nguvu bado ana la kusema: jina la lugha ya pili limetoka kutamkwa, linashindana. Zikichelewa na zile mpya, ambazo majina yake ya lugha ya pili hayajatamkwa leo, hoja ya maneno mahususi haitoshi. Lugha nzima imewekewa breki.

Udhaifu wake mkubwa ni mfuatano. Awamu ya tatu daima ni ya watu waliochoka zaidi na waliozoea zaidi, na vitu hivyo viwili vinavutana. Dawa ni kundi la pili la washiriki linalofanya L1 mara tatu mfululizo kwa picha zilezile na mapumziko yaleyale. Bila kundi hilo, tofauti kati ya awamu ya kwanza na ya tatu haina mizani ya kupimia. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa la gharama kubwa zaidi katika miundo ya awamu, maana linaokoa nusu ya washiriki na kupoteza jibu lote.

Jaribio la lugha tatu: mlango wa mabaki ya nguvu umefungwa

Philipp, Gade na Koch walilileta hili upande wa lugha mwaka 2007, kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Mshiriki ana lugha tatu, na lugha hairudiwi kamwe zamu mbili mfululizo, kwa hiyo kila zamu ni ya kubadili. Linganisho ni kati ya mfuatano A-B-A na C-B-A. Katika zote mbili zamu ya mwisho ni ya lugha A, na mtu anatoka lugha B. Kinachotofautiana ni kimoja: katika A-B-A lugha A ilitumika hatua mbili nyuma, na iliachwa hivi punde.

Fikiria kila nadharia inatabiri nini. Kama kinachobaki ni nguvu iliyoongezwa, lugha A iliyotumika juzijuzi bado ina mabaki yake, kwa hiyo A-B-A inapaswa kuwa ya haraka. Kama kuiacha A kulihitaji kuikandamiza, na ukandamizaji haujaisha, A-B-A inapaswa kuchelewa. Safari hii nadharia mbili zinatazama pande tofauti. Matokeo ya Philipp na wenzake yalikuwa uchelewevu. Tofauti yenyewe kwa kawaida ni ndogo kuliko gharama ya kubadili ya jaribio la ishara, na ndiyo bei unayolipa kwa usafi wa hoja.

Safi, lakini si safi kabisa. Kuna maelezo ya kumbukumbu: mtu akirudi kwenye A, tukio la mara ya mwisho la A linajitokeza akilini, na kama picha ya sasa haifanani na ya wakati ule, kutofanana huko kunamchelewesha. Watafiti wa kubadili kazi zisizo za lugha wameonyesha kwamba picha na jibu vikirudi vilevile, uchelewevu hupungua. Kwenye lugha kipimo hicho hakihamishiki vizuri, kwa sababu picha ileile kwa lugha ileile ni neno lilelile lililotamkwa zamu mbili zilizopita, nalo hutoka haraka kwa sababu zake lenyewe. Kwa hiyo picha zisirudiwe ndani ya zamu chache, na ripoti ikiri kwamba mlango huo haujafungwa. Ishara mbili kwa kila lugha zinahitajika hapa pia, la sivyo A-B-A itakuwa pia kurudi kwa ishara ileile na C-B-A haitakuwa hivyo.

Kikwazo cha vitendo ni washiriki: lugha ya tatu iwe imara kiasi cha kutaja picha bila kusitasita. Ikiwa dhaifu mno, makosa yanaongezeka, na hapa kosa ni ghali. Kwenye jaribio la ishara kosa moja linaharibu zamu mbili: yenyewe na inayofuata, kwa kuwa hujui mtu alitoka lugha gani. Kwenye lugha tatu linaharibu tatu.

Hesabu ya zamu inafuata hapo. Brysbaert na Stevens, mwaka 2018, walipendekeza angalau vipimo 1600 kwa kila hali, mfano watu 40 mara zamu 40. Kwa jaribio la ishara lenye asilimia 25 ya kubadili, zamu 40 za kubadili kwa kila lugha ni 80, na jumla ni 320. Makosa yakiwa asilimia 5, zinabaki takriban asilimia 90 za kutumika, kwa hiyo andaa vipindi 5 vya zamu 72, yaani 360; ukitoa ya kwanza ya kila kipindi na zilizoharibika unabaki na 320 hivi. Kwa lugha tatu hali ni sita, yaani lugha tatu mara mifuatano miwili, sawa na zamu 240. Kwa makosa hayohayo zinabaki kama asilimia 86, na zamu mbili za mwanzo wa kila kipindi hazina historia. Vipindi 4 vya zamu 72, jumla 288, vinatosha. Lakini makosa yakipanda hadi asilimia 15, zinabaki takriban asilimia 61 tu, na hesabu yote inaanguka. Fanya jaribio dogo la makosa kabla ya kupanga idadi.

Jaribio la hiari

Mshiriki anataja kwa lugha yoyote inayomjia. Gollan na Ferreira (2009) walionyesha kwamba gharama ya kubadili haitoweki hata mtu akijichagulia, huku de Bruin, Samuel na Duñabeitia (2018) wakipata kwamba kuchanganya kwa hiari kunaweza kuwa haraka kuliko kubaki katika lugha moja. Ni jaribio zuri la tabia. Kwa kupima uzuiaji ni baya, kwa sababu mtu huchagua lugha ya pili pale neno lake linapokuwa jepesi. Wastani wa lugha ya pili unajengwa na maneno rahisi tu, na huna mkono katika idadi ya kubadili. Mshiriki anayebadili mara 9 katika zamu 200 hana gharama inayohesabika.

Kupima na kuchambua, lolote utakalochagua

Picha zenye majina yanayofanana katika lugha zako ziondoe, au zigawe sawa katika kila hali, maana zinaharakisha kutaja na huweza kupotosha tofauti unayoitafuta. Wafundishe washiriki majina yote kwanza kwa lugha zote. Usiamini kifaa kinachoanza kuhesabu sauti inapovuka kiwango fulani: maneno yanayoanza kwa "s" au "f" hunaswa kwa kuchelewa, na mdomo kufunguka kwa mlio hunaswa mapema. Rekodi sauti yote na uweke mwanzo wa neno kwa mkono katika programu ya sauti ya Praat, au kagua kwa mkono sampuli ya kile programu ilichokadiria. Kwa kuwa picha ileile hutajwa kwa lugha tofauti, sauti za mwanzo hazilingani kati ya lugha. Hiyo ni sababu nyingine ya kulinganisha hali ndani ya lugha moja, badala ya lugha na lugha.

Kwa lugha tatu modeli inaweza kuwa hii, katika R kwa kifurushi cha lme4:

```
lmer(log(muda) ~ mfuatano * lugha +
       (1 + mfuatano | mtu) + (1 + mfuatano | picha),
     data = zamu_safi)
```

Angalia matokeo kwa milisekunde ghafi pia. Mwingiliano kati ya aina ya zamu na lugha unaweza kuwapo kwenye milisekunde na kufutika kwenye logi, kwa sababu anayekwenda polepole ana tofauti kubwa za kila aina. Gharama isiyo sawa inayotegemea kipimo kimoja tu si ya kujengea tasnifu.

Na usitumie gharama ya mtu mmoja mmoja kumlinganisha na alama yake kwenye mtihani mwingine wa udhibiti kabla hujakokotoa uthabiti wake, kwa mfano kwa kugawa zamu za kila mtu nusu kwa nusu na kuona kama nusu hizo zinakubaliana. Tofauti ya wastani wa namba mbili hubeba kelele za zote mbili, na athari inayoonekana wazi kwa kundi zima mara nyingi haiwatofautishi watu.

Kwa hiyo, mwenye washiriki wa lugha tatu imara na swali la uzuiaji achukue jaribio la lugha tatu. Mwenye lugha mbili tu achukue awamu, pamoja na kundi la L1 mara tatu na picha mpya. Anayechunguza maandalizi, umri au gharama ya kuchanganya achukue ishara, na asiache awamu ya lugha moja. Ukiwa na muda wa majaribio mawili, awamu na ishara kwa watu walewale ni jozi bora kuliko ishara na hiari: kama breki ya lugha ya kwanza ni halisi, itaonekana kwenye picha mpya za awamu ya tatu na pia kwenye zamu za kurudia za mchanganyiko, hata pale gharama ya kubadili itakapokuwa sawa pande zote.